Umepachika jawabu na pande mbili hazilingani: soma baki kabla ya kufuta

Chai imemiminwa ikiwa na nyuzi 85 za Selsiasi, chumba kina nyuzi 25, na swali limekupa mlinganyo tofautishi huu pamoja na sharti la mwanzo:

dT/dt = -0.1(T - 25), T(0) = 85

T ni jotoridi la chai na t ni dakika tangu imiminwe. Mlinganyo unasema chai inapoa kwa kasi inayotegemea ilivyozidi joto la chumba. Ikizidi kwa nyuzi 60 inashuka nyuzi 6 kwa dakika, ikizidi kwa nyuzi 10 inashuka nyuzi 1 tu. Kanuni yenyewe ni ya Newton, aliyeichapisha mwaka 1701 bila kuweka jina lake.

Swali hili nimewapa wanafunzi wangu wa tuisheni wa kidato cha sita mara nyingi kiasi kwamba majawabu yaliyokosewa nayajua kwa sura. Hayazidi matano au sita, na kila moja likipachikwa kwenye mlinganyo linaacha alama yake. Shida ni kwamba mwanafunzi akiona pande mbili hazilingani anafuta ukurasa mzima na kuanza upya, halafu anarudia kosa lilelile. Kile kilichobaki baada ya kupachika ndicho kingemwambia amekosea wapi.

Kwanza tukubaliane namna ya kukagua. Jawabu sahihi hapa ni T = 25 + 60e^(-0.1t), nalo linakaguliwa hivi. Upande wa kushoto, difereshieti jawabu lenyewe: 25 inapotea, na ile -0.1 iliyo kwenye kipeo inashuka kuzidisha 60, hivyo unapata -6e^(-0.1t). Upande wa kulia, mahali pa T weka jawabu zima ndani ya mabano: -0.1(25 + 60e^(-0.1t) - 25). Zile 25 mbili zinafutana, inabaki -6e^(-0.1t). Sasa toa kulia kutoka kushoto. Tofauti hiyo naiita baki, na hapa ni 0 kwa kila t. Mwisho, weka t = 0 kwenye jawabu: 25 + 60 = 85. Sharti limetimia.

Pande mbili zifanyiwe kazi kila mmoja kwenye mstari wake, na alama ya sawasawa isiandikwe kati yao mpaka uwe umethibitisha. Ukianza kwa kuandika kwamba ziko sawa, kisha ukaanza kuhamisha vitu huku na huku, utakuwa umekubali mwanzoni kile ulichokuwa unataka kujua. Chini kidogo kuna mfano ambapo uzembe huu unapitisha jawabu bovu kabisa.

Dalili: baki ni namba tupu, haina t ndani yake

Hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi, na ina vyanzo viwili vinavyofanana kwa juu.

Mwanafunzi wa kwanza ameleta T = 85e^(-0.1t). Sharti la mwanzo linakubali, maana t ikiwa 0 tunapata 85. Kushoto ni -8.5e^(-0.1t). Kulia ni -0.1(85e^(-0.1t) - 25), ambayo ukifungua mabano inakuwa -8.5e^(-0.1t) + 2.5. Baki ni -2.5.

Mwanafunzi wa pili ameleta T = 84 + e^(-0.1t). Nalo sharti linakubali, 84 + 1 ni 85. Kushoto ni -0.1e^(-0.1t). Kulia ni -0.1(59 + e^(-0.1t)), yaani -5.9 - 0.1e^(-0.1t). Baki ni 5.9.

Sehemu zenye e zimefutana kwa wote wawili. Hiyo ni habari njema: kipeo chao ni sahihi, na dT/dt wameitafuta vizuri. Kosa liko kwenye kitu kisichobadilika na muda. Ili ukijue, gawa baki kwa 0.1 na uangalie namba unayoipata kama unaitambua.

Kwa wa kwanza, 2.5 kugawa kwa 0.1 ni 25. Hilo ni joto la chumba. Alisahau chumba kabisa, akatatua kana kwamba mlinganyo ulikuwa dT/dt = -0.1T. Hata bila hesabu angeweza kushtuka, kwa sababu jawabu lake linasema ukiiacha chai muda mrefu itafika karibu na nyuzi 0. Chai haiwezi kuganda mezani kwenye chumba chenye nyuzi 25.

Kwa wa pili, 5.9 kugawa kwa 0.1 ni 59. Namba hiyo haipo kwenye swali, lakini ipo kwenye karatasi yake ya kazi. Alifika kwenye ln(T - 25) = -0.1t, akasahau kuweka konstanti pale alipointegreti, akaondoa logi na kupata T - 25 = e^(-0.1t), ndipo akakumbuka kwamba lazima kuwe na C mahali fulani. Akaibandika mwishoni: T = 25 + e^(-0.1t) + C. Kisha sharti la mwanzo likamlazimisha C iwe 59. Konstanti ya kuintegreti inazaliwa pale pale unapointegreti, ikiwa bado ndani ya logi. Logi ikiondolewa, C iliyokuwa inajumlishwa inageuka namba inayozidisha e^(-0.1t). Ukiichelewesha, inajumlishwa mahali ambapo ilitakiwa kuzidisha.

Angalia kwamba wote wawili wamepita kwenye sharti la mwanzo bila shida. Ndiyo maana mtu anayekagua sharti peke yake, kwa sababu ni rahisi na linachukua sekunde tano, hajakagua kitu. C ilichaguliwa makusudi ili sharti likubali. Lingekataa vipi?

Dalili: pande mbili zina sura moja, ila namba ya mbele au alama si ile

Hapa jawabu ni T = 25 + 60e^(0.1t). Kushoto ni 6e^(0.1t), kulia ni -6e^(0.1t). Baki ni 12e^(0.1t), lakini usiishie kwenye baki, gawanya kushoto kwa kulia. Unapata -1 wakati wote, t iwe ngapi. Uwiano wa -1 ni kosa la alama, na kwa swali hili karibu kila mara alama hasi ilidondoka wakati wa kuhamisha k, yaani ile 0.1 ya mlinganyo. Chai hii inazidi kuchemka yenyewe mezani.

Uwiano ukiwa namba nyingine isiyobadilika, simama kabla ya kulaumu jawabu. Kuna mwanafunzi alinijia na jawabu sahihi kabisa, 25 + 60e^(-0.1t), akiwa na hakika limekataa. Kushoto alikuwa na 60e^(-0.1t), kulia -6e^(-0.1t). Uwiano ni -10. Sasa -10 ni 1 kugawa kwa -0.1, na -0.1 ni namba iliyo kwenye kipeo. Maana yake alipodifereshieti hakushusha namba ya kipeo. Jawabu lilikuwa zima, mkaguzi ndiye aliyekosea.

Nikiona uwiano usiobadilika, kwa hiyo, narudi kwanza kwenye mstari wa dT/dt. Ukiwa sahihi, ndipo nashuku kwamba k iliyomo kwenye jawabu siyo ya swali. Mfano mtu aliyeandika e^(-0.2t) atapata kushoto mara 2 ya kulia, kila mahali.

Dalili: baki ni 0, lakini sharti la mwanzo linagoma

Jawabu lililoletwa ni T = 25 + 85e^(-0.1t). Kushoto -8.5e^(-0.1t), kulia -8.5e^(-0.1t). Safi. Weka t = 0: 25 + 85 = 110.

Mlinganyo hauna ugomvi na jawabu hili, kwa sababu namba yoyote mbele ya e^(-0.1t) ingekubalika. Ni chai nyingine tu, iliyomiminwa ikiwa na nyuzi 110, jambo ambalo sufuria ya kawaida haiwezi. Kosa ni moja: alidhani namba ya mbele ni joto la mwanzo, kumbe ni tofauti kati ya joto la mwanzo na la chumba. Usiguse kipeo, usirudie kuintegreti. Rudi kwenye T = 25 + Ce^(-0.1t), weka 85 = 25 + C, basi.

Dalili: t ikiwa 0 kila kitu kinakubali, t ikiwa 10 hakuna kinachokubali

Hili ni jawabu la mtu mwenye akili ya mkato: T = 85 - 6t. Amefikiri kwamba chai inaanza kushuka nyuzi 6 kwa dakika, basi iendelee hivyo. Ukikagua kwenye t = 0 peke yake, sharti linakubali, kushoto ni -6, na kulia ni -0.1(85 - 25), nayo ni -6. Mlinganyo na sharti vyote vimepita!

Sasa usiweke namba, acha t ibaki t. Kushoto -6. Kulia -0.1(60 - 6t), yaani -6 + 0.6t. Baki ni -0.6t. Ni 0 mwanzoni tu, halafu linakua kadiri dakika zinavyosonga. Dakika ya 10 jawabu hili linasema chai ina nyuzi 25 sawa na chumba, ila bado inashuka nyuzi 6 kwa dakika, kitu ambacho mlinganyo unakataza.

Baki linaloanza kwenye 0 na kukua ni alama ya jawabu lililonyoshwa. Mtu amechukua mstari unaoigusa grafu kwenye nukta ya mwanzo na kuufanya ndiyo grafu nzima. Kwa nusu dakika ya kwanza mstari huo si mbaya, ni makadirio yanayotumika kweli kwenye hesabu za kompyuta, lakini si jawabu la mlinganyo. Mlinganyo tofautishi ni madai juu ya kila t, si juu ya t moja. Kwa hiyo ukikagua kwa namba badala ya herufi, t = 0 isiwe mojawapo, na nukta ziwe angalau mbili au tatu zilizoachana.

Dalili: baki ni dogo sana, ila haliishi

Mtu mmoja aliandika jawabu kwa njia ya nusu: tofauti na joto la chumba inapungua kwa nusu kila dakika 6.93, hivyo T = 25 + 60·2^(-t/6.93). Sura hii haifanani hata kidogo na 25 + 60e^(-0.1t), na kitabu kina hii ya pili. Ukilinganisha kwa macho utasema amekosa. Ukipachika, baki kwenye t = 0 ni kama -0.0013.

Je, ni kosa au ni tarakimu zilizokatwa? Ongeza tarakimu uone. Muda wa nusu ni ln 2 kugawa kwa 0.1, yaani 6.931471... Ukiweka 6.931, baki linashuka hadi karibu -0.0004. Ukiweka 6.9315, linabaki kama 0.00002. Kila tarakimu unayoiongeza inalifukuza baki kuelekea 0, kwa hiyo jawabu ni lilelile la kitabu limevaa nguo nyingine. Kosa la kweli halifanyi hivyo. Ile -2.5 ya mwanafunzi wa kwanza ingebaki -2.5 hata angetumia tarakimu ishirini.

Kikokotoo cha mkononi kina mtego mwingine. Kama mlinganyo wako una sine au cosine, hakikisha kimewekwa kwenye radiani na si digrii. Kanuni kwamba sine ikidifereshietiwa inatoa cosine ni kweli kwa radiani tu. Ukikadiria mteremko wa sine kikiwa kwenye digrii, utapata namba iliyo ndogo takribani mara 57 kuliko ulivyotarajia, na hiyo 57 ndiyo inayokufichulia: ni idadi ya digrii zilizomo kwenye radiani moja.

Dalili: hujui kama aliyekosea ni jawabu au ni wewe unayekagua

Hali hii inakuja jawabu likiwa na mabano mengi na hujiamini kwenye kudifereshieti. Dawa yake ni kupata upande wa kushoto bila kudifereshieti. Chukua nukta mbili zilizokaribiana, moja kabla na moja baada ya t unayoitaka, tafuta mteremko kati yao.

Tufanye t = 3 kwa jawabu sahihi. Kwenye t = 2.99, T ni 69.4936. Kwenye t = 3.01, T ni 69.4047. Imeshuka 0.0889 ndani ya dakika 0.02, kwa hiyo mteremko ni takribani -4.445. Kulia: T(3) ni 69.4491, toa 25, zidisha kwa -0.1, unapata -4.4449. Zimekutana. Kama kwenye karatasi uliona hazikutani, kosa ni la mkono wako na jawabu halina hatia.

Mwenye kompyuta anaweza kuifanya kwa nukta kadhaa kwa mpigo. Hii ni Python:

```
from math import exp

T = lambda t: 25 + 60*exp(-0.1*t)
h = 0.001
print("mwanzo", T(0))
for t in (0.5, 3, 10):
    kushoto = (T(t + h) - T(t - h)) / (2*h)
    kulia = -0.1*(T(t) - 25)
    print(t, kushoto - kulia)
```

Usitegemee 0 kamili kwenye skrini. Utaona namba zinazoishia na `e-09`, yaani sehemu za bilioni, kwa kuwa mteremko wa nukta mbili ni makadirio. Badilisha mstari wa T uweke 85*exp(-0.1*t) na -2.5 itajitokeza kwenye nukta zote tatu.

Dalili: kila jawabu unalolikagua linapita

Ukiona hivi, ukaguzi wako umeharibika. Chanzo chake ni kimoja: umepata upande wa kushoto kutoka kwenye mlinganyo badala ya kuupata kutoka kwenye jawabu. Mtu anaandika "dT/dt ni -0.1(T - 25)" kwa sababu swali limesema hivyo, kisha anapachika T pande zote mbili, na bila shaka zinalingana. Amelinganisha upande wa kulia na upande wa kulia.

Kujipima ni rahisi. Ulishe ukaguzi wako jawabu ambalo unajua ni bovu, kwa mfano T = 85, chai isiyopoa kamwe. Kushoto lazima utoke 0, kwa kuwa namba isiyobadilika haina mteremko, na kulia -6. Njia yako ikiipitisha chai hii, usiiamini kwa jingine lolote.

Dalili: kuna kipeuo cha pili, na majawabu mawili yanaonekana kupita

Tuiache chai. Chukua mlinganyo huu:

dy/dx = 2√y, y(0) = 9

Ukiutatua unafika kwenye y = (x + C)², na sharti linasema C² = 9. Hapo watu wanaandika C = 3 au C = -3, halafu wana majawabu mawili: (x + 3)² na (x - 3)². Yote mawili yanatoa 9 kwenye x = 0.

Kagua la pili. Kushoto ni 2(x - 3). Kulia ni 2√((x - 3)²), na wengi wanakata kipeuo na mraba, wanaandika 2(x - 3), wanaweka alama ya vema. Jaribu namba. Kwenye x = 0, kushoto ni -6. Kulia ni 2√9, yaani 6. Jawabu limeanguka pale pale pa kuanzia.

Kosa ni kwamba √((x - 3)²) si x - 3. Ni ukubwa wa x - 3 bila alama, maana kipeuo kilichoandikwa √ hakitoi namba hasi kamwe. Na mlinganyo wenyewe ulikuwa umeonya: kulia hakuwezi kuwa hasi, kwa hiyo y hairuhusiwi kushuka popote. Grafu ya (x - 3)² inashuka kutoka x = 0 hadi x = 3.

Hapa ndipo lile onyo langu la alama ya sawasawa linapouma. Mtu asiyependa vipeuo ataandika mlinganyo wote, atazidisha kila upande kwa wenyewe ili kipeuo kiondoke, na kupata 4(x - 3)² = 4(x - 3)². Imelingana. Lakini -6 na 6 zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe zote ni 36. Alama iliyokuwa inamshtaki ameifuta kwa mkono wake.

Jawabu la kwanza, (x + 3)², linapita kwenye x = 0 na kwa kila x kuanzia -3 kwenda juu. Chini ya -3 nalo linaanguka kwa sababu ileile: kwenye x = -4, kushoto ni -2 na kulia ni 2. Kwa hiyo liandikwe pamoja na mpaka wake, x isipungue -3. Mtahini anayesahihisha kwa makini anautafuta huo mpaka.

Na ukibadilisha sharti liwe y(0) = 0, mlinganyo huu unakuwa mkorofi zaidi: kuanzia x = 0 kwenda mbele, y = x² linapita, na y = 0 siku zote nalo linapita. Kupachika kunakuonyesha kwamba ulichoshika ni jawabu. Hakukuonyeshi kwamba ni hilo tu. Kwa chai hofu hiyo haipo, mlinganyo wa namna ile ukiwa na sharti la mwanzo una jawabu moja. Vurugu ya hapa inatokana na √y, ambayo mteremko wake unakuwa mkali bila kikomo y inapokaribia 0.

Dalili: hakuna dalili, na bado jawabu limetumika vibaya

dy/dx = y², y(0) = 1

Jawabu ni y = 1/(1 - x). Kushoto ni 1/(1 - x)², kulia vilevile, baki 0, sharti limetimia. Swali linaendelea: tafuta y kwenye x = 2. Mwanafunzi anapachika, anapata -1. Anakagua kwenye x = 2 kwa uangalifu wote niliousema: kushoto ni 1, kulia (-1)² ni 1. Vema tena.

Ila kulia ni mraba, kwa hiyo y haishuki kamwe. Imeanzia 1 na haishuki; imefikaje -1? Chora grafu utaona. Kuanzia x = 0 inapanda taratibu, kwenye x = 0.9 imefika 10, kwenye 0.99 imefika 100, na kwenye x = 1 asili ya sehemu inakuwa 0 na grafu inakatika. Kile kipande cha upande wa pili, chenye -1, ni jawabu la mlinganyo uleule lakini hakijaungana na nukta ya mwanzo. Sharti y(0) = 1 halina mamlaka juu yake.

Kupachika hakuwezi kulinasa hili, kwa sababu kupachika kunakagua nukta moja moja, na hapa kila nukta ni sahihi peke yake. Unalinasa kwa kuangalia jawabu linavunjika wapi: asili inayokuwa 0, logi ya namba isiyo chanya, kipeuo cha namba hasi. Kisha anza kwenye x ya sharti la mwanzo, tembea kuelekea x unayoulizwa, uone kama unakutana na mahali palipovunjika. Hapa unakutana napo kwenye 1, kwa hiyo jibu la kuandika ni kwamba jawabu linaishia kabla ya x = 1, na y(2) haipo.